Namna ya kuandika kosa lako la kazini katika uzi wa X bila kujitukuza: mfano wa kontena moja la Malaba

Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha katika mpaka wa Malaba kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa muda sasa nimekuwa nikiandika mfululizo wa machapisho mafupi kuhusu mambo niliyojifunza kazini. Wanaonisoma ni makarani wapya, madereva wa malori yanayotoka Mombasa, na vijana wa Tororo, Busia na Kampala wanaotaka kuingia katika kazi hii. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachozungumza uwanjani, na karani wa upande wa Kenya ananisoma kama anavyonisoma wa upande wetu wa Uganda.

Nimegundua kwamba kujisifu hakuondoki kwa kutumia lugha ya unyenyekevu. Mtu anaweza kuandika kwa sauti ya chini kabisa na bado chapisho zima likawa ni tangazo la cheo chake. Kunaondoka pale chapisho linapotaja kosa lenyewe, aliyelipia kosa hilo, na jambo ambalo msomaji anaweza kulifanya kesho asubuhi akifika ofisini. Nitaeleza hatua ninazozifuata kwa kutumia uzi mmoja wa machapisho sita, kuanzia rasimu mbaya niliyoanza nayo hadi maneno yaliyochapishwa.

Hatua ya kwanza: anza na tukio, usianze na funzo

Ukianza kwa kujiuliza "nimejifunza nini katika miaka hii yote?", utapata majibu ya jumla kama uvumilivu, nidhamu na uaminifu, ambayo hayamsaidii mtu yeyote kujaza hati. Jiulize badala yake ni siku gani kazini ilikwama kwa sababu yako. Mimi nina daftari ambamo naandika mambo manne kuhusu kila tukio la aina hiyo: nilifanya nini kwa mikono yangu, kazi ilichelewa kwa muda gani, nani alitoa pesa au alipoteza usingizi, na nilibadilisha nini baadaye. Kama siwezi kujaza sehemu ya nne, tukio hilo nalisubirisha, kwa sababu bado ni malalamiko au majuto tu.

Tukio nililolichagua lilikuwa la mwaka 2016. Kontena la futi ishirini lenye mashine zilizofungwa katika makasha ya mbao lilifika Malaba, na uzito uliokuwa kwenye hati niliyoijaza haukulingana na uzito wa mzani. Lori likasimamishwa uwanjani kwa siku tatu.

Hatua ya pili: andika rasimu ya kwanza bila kujizuia, kisha itafute sifa iliyojificha

Rasimu yangu ya kwanza ilisema hivi:

"Mwaka 2016 nilifanya kosa dogo lililonifundisha mengi. Leo, kwa neema ya Mungu, naongoza timu na wateja wakubwa wananiamini. Kijana, usikate tamaa. Makosa ndiyo mwalimu wangu."

Nilipoiandika niliiona ni ya unyenyekevu. Nilipoisoma siku ya pili, nikiwa na kalamu mkononi, niliona kwamba kosa lenyewe halikutajwa mahali popote. Neno "dogo" nililiweka mimi, ilhali aliyekaa uwanjani siku tatu asingeliita hivyo. Sentensi ya pili, ambayo ndiyo yenye maelezo zaidi, inahusu mafanikio yangu. Jina la Mungu, ambalo nalitaja kwa dhati katika maisha yangu, hapa lilikuwa linabeba tangazo la cheo. Ushauri wa mwisho ungemfaa mwalimu, fundi wa pikipiki na muuza matoke kwa kiasi kilekile, kwa hiyo haukumfaa karani wa forodha kwa namna ya pekee.

Ziko dalili nyingine ambazo nimezikuta katika rasimu zangu na za wenzangu walioniomba niwasomee. Ya kwanza ni kosa ambalo kwa kweli ni sifa, kama vile "kosa langu lilikuwa kufanya kazi kupita kiasi" au "nilikuwa nawaamini watu mno". Ya pili ni takwimu inayoonyesha ukubwa wako badala ya ukubwa wa tatizo. Idadi ya makontena unayoyatoa kwa mwezi haimsaidii msomaji kuelewa kwa nini kontena moja lilikwama, lakini tofauti ya kilo kati ya hati na mzani inamsaidia. Ya tatu, na hii ni ngumu kuiona, ni pale ambapo kila mtu mwingine katika simulizi ni mjinga au ni mkali, na wewe pekee ndiye uliyeelewa mambo mwishoni.

Ninachofanya ni kupiga mstari chini ya kila sentensi inayoishia na mimi nikiwa nimepata kitu: cheo, sifa, mteja au hekima. Kama sentensi hizo ni zaidi ya moja katika uzi mzima, naandika upya. Moja naiacha kama inahitajika ili msomaji ajue kwamba naijua kazi ninayoizungumzia. Kwa mfano, kusema kwamba nilikuwa karani wa forodha kunatosha, bila kutaja ninachokifanya leo.

Hatua ya tatu: mpe asome mtu aliyekuwapo

Hatua hii ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi, na ndiyo ambayo watu wengi huiruka. Katika tukio lolote la kazini kuna watu wengine, na simulizi si lako peke yako. Nchini Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019, na hata bila sheria hiyo, hati za mteja si mali yako. Naondoa jina la mteja, jina la kampuni ya usafirishaji, namba ya kontena, namba ya gari na jina la ofisa yeyote. Picha ya hati siiweki kabisa, hata ikiwa imefunikwa, kwa sababu nimewahi kuona watu wakisoma namba ya tamko la forodha kwenye kona ambayo mwandishi aliisahau. Kama bado umeajiriwa mahali ambapo kosa lilitokea, mwonyeshe msimamizi wako rasimu kabla hujachapisha.

Lakini kuficha majina hakutoshi. Nilimtafuta dereva wa lori lile, ambaye bado anaendesha njia ya Mombasa na Kampala, nikampelekea rasimu ya pili kwa WhatsApp. Katika rasimu hiyo nilikuwa nimeandika kwamba kosa liligharimu dola 300 za kuchelewesha lori. Alinipigia simu badala ya kunijibu kwa maandishi. Aliniambia, "Ndugu yangu, dola zile alilipwa tajiri mwenye gari. Mimi nililala kwenye kebini usiku tatu, nikala pesa yangu ya safari, na kurudi nilikopa. Hilo hukuliandika."

Nilikuwa sijalijua jambo hilo kwa miaka yote hiyo. Nilikuwa nimehesabu hasara iliyopita mezani kwangu tu, ile iliyokuwa na ankara. Nilimwomba radhi, nikamuuliza kama niliandike, naye akakubali kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala mji anakotoka. Sentensi iliyotokana na simu ile ndiyo iliyowagusa wasomaji kuliko zote, na nisingeweza kuibuni nikiwa nimekaa peke yangu. Kwa sababu hiyo sichapishi tena simulizi ya kosa lililomuumiza mtu kabla mtu huyo hajaisoma, kama anapatikana. Kama hapatikani, naandika upande wangu tu na sisemi alichohisi. Na akikataa, naliacha tukio hilo.

Hatua ya nne: kata simulizi vipande vinavyoweza kusimama peke yake

Akaunti ya X isiyolipiwa inaruhusu herufi 280 kwa chapisho, pamoja na nafasi na alama. Stetasi ya maandishi ya WhatsApp inachukua hadi herufi 700 na inatoweka baada ya saa 24. LinkedIn inapokea hadi herufi 3,000, lakini huonyesha mistari michache ya mwanzo tu mpaka msomaji abonyeze aone zaidi. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na wengi walioendelea kuitumia hupitia VPN, kwa hiyo siitegemei kwa wasomaji wa hapa. Mimi naandika kwa kipimo cha X kwanza, kwa sababu kilichotosha katika herufi 280 kitatosha kwingine kote.

Jambo la kukumbuka ni kwamba watu hawasambazi uzi mzima. Wanapiga picha ya skrini ya kipande kimoja na kukituma kwenye kundi la WhatsApp, na kipande hicho kinasafiri bila ndugu zake. Kwa hiyo chapisho lisianze na "hilo" au "baada ya hapo" bila kusema ni lipi, na kila moja liwe na jambo moja tu. Namba mwishoni, kama 3/6, humwambia aliyepata kipande kwamba kuna vingine.

Huu ndio uzi kama ulivyochapishwa:

"Mwaka 2016, nikiwa karani wa forodha Malaba, nilijaza uzito usio sahihi kwenye hati ya kontena moja. Lori lilikaa uwanjani siku 3. Uzi huu una sehemu 6: kosa lenyewe, aliyeumia, na nilivyobadilisha ukaguzi. Dereva amesoma na kukubali niandike. 1/6"

"Orodha ya upakiaji ilikuwa na safu mbili: uzito wa bidhaa peke yake, kilo 9,860, na uzito pamoja na makasha ya mbao, kilo 11,420. Palipotakiwa uzito wa jumla niliandika 9,860. Nilikuwa na hati nyingine nne mezani na sikurudia kusoma. 2/6"

"Mzani ulionyesha takriban kilo 1,500 zaidi ya hati yangu. Ofisa alisimamisha lori, na hiyo ni kazi yake. Mwenye lori alidai dola 300 za kuchelewa. Dereva alilala kwenye kebini usiku 3, akala pesa yake ya safari. Mimi nililala nyumbani. 3/6"

"Aliyelikwamua lori si mimi. Ni dada mmoja wa ofisi ya jirani aliyenionyesha namna ya kuomba marekebisho: barua ya maelezo, orodha ya upakiaji, hati ya shehena na karatasi ya mzani. Mimi nilikuwa nimepoteza siku nzima nikitafuta wa kumlaumu. 4/6"

"Baada ya kosa la uzito nilianza kusoma namba 4 kwa sauti kabla ya kutuma hati, mwenzangu akifuatilia kwenye karatasi: uzito wa jumla, idadi ya vifurushi, namba ya kontena, namba ya sili. Ni kama dakika 3. Nikiwa peke yangu, naanzia ya mwisho. 5/6"

"Kusoma kwa sauti hakukuondoa makosa yote. Mwaka uliofuata nilikosea thamani ya mzigo, kwa kuwa thamani haikuwa katika zile namba 4. Sasa nasoma 5. Wewe unayejaza hati za mizigo, unakagua nini ambacho sijakitaja hapa? 6/6"

Naomba uangalie mambo machache katika machapisho haya. Chapisho la kwanza linataja kosa katika sentensi ya kwanza, bila kumvuta msomaji kwa fumbo la aina ya "hutaamini kilichotokea". La pili linaeleza namna kosa lilivyoingia, yaani safu mbili zilizo jirani, na karani yeyote akiliona ataikumbuka karatasi yenyewe. Sikuandika kwamba nilikuwa nimechoka au kwamba ofisi ilikuwa na wafanyakazi wachache, ingawa mambo hayo yalikuwa kweli, kwa sababu yangehamisha kosa kutoka mkononi mwangu. Hati nne zilizokuwa mezani zinatosha kueleza hali ilivyokuwa.

Chapisho la nne lilinigharimu kuliko yote. Rasimu yake ilisema "tulifanikiwa kurekebisha", na neno hilo "tu-" lilikuwa limemmeza yule dada na ujuzi wake. Kila unapokuta "tuli-" katika simulizi yako, simama ujiulize ni nani hasa aliyefanya. Mara nyingi utakuta ni mtu mmoja, na si wewe.

Chapisho la sita lina kikomo cha dawa yangu. Ningeishia kwenye la tano, ningeonekana kama mtu aliyepata suluhisho la kudumu, na hilo lingekuwa uongo. Swali la mwisho nalo ni swali la kweli ambalo sina jibu lake, sikuuliza "wewe una maoni gani?" ili kuongeza hesabu ya majibu.

Hatua ya tano: panga namna ya kuchapisha, usichapishe ukiwa na haraka

Naandika machapisho yote sita kwanza, nayaacha usiku mmoja, kisha nayasoma kwa sauti. Kwenye X nayatuma yote kwa mara moja kama uzi, kwa sababu yakiachana, la tatu huonekana kama malalamiko ya madereva na la tano kama mafundisho ya bwana mkubwa. Kwenye stetasi ya WhatsApp natuma mawili kila asubuhi kwa siku tatu, kwa kuwa watu huchoka kugusa skrini wakiona vipande vingi mfululizo. Siweki picha yangu nikiwa nimesimama mbele ya lori. Emoji za moto na za makofi naziacha kwa wasomaji wenyewe.

Akaunti isiyolipiwa ya X haina kitufe cha kuhariri, kwa hiyo namba zote nazilinganisha na daftari kabla ya kutuma. Ni aibu isiyo na sababu kukosea kilo katika uzi unaohusu kukosea kilo.

Hatua ya sita: soma majibu kama unavyosoma karatasi ya mzani

Majibu ndiyo yanayokuambia kama uliandika kwa ukweli au ulijitukuza bila kujua. Wasomaji wakijibu "hongera sana bosi" na "Mungu azidi kukuinua", basi walichokiona ni kupanda kwako, na inafaa urudi ukaangalie ni sentensi gani iliyowaonyesha hivyo. Wakijibu kwa maswali kuhusu safu za orodha ya upakiaji, au kwa kusimulia makosa yao wenyewe, basi kosa lako limefika likiwa bado na umbo lake. Hesabu ya waliopenda haisemi lolote kuhusu hili, kwa sababu chapisho la majigambo nalo hupendwa sana.

Usimshukuru kila anayekusifu hadharani, maana mlolongo wa shukrani chini ya uzi unaugeuza kuwa sherehe yako. Mimi hujibu kwanza maswali, kisha masahihisho. Mtu akikusahihisha na yuko sawa, usifute chapisho; ongeza jingine chini yake linalosema nini kimesahihishwa. Katika uzi huu mwenzetu mmoja alisema kwamba kusoma namba kwa sauti hakusaidii kama anayefuatilia anaangalia nakala iliyochapishwa kutoka kwenye hati yako mwenyewe, kwa sababu kosa litakuwa katika karatasi zote mbili. Alikuwa sahihi kabisa, na mimi sikuwa nimelieleza. Niliongeza chapisho hili:

"Sahihisho la 5/6: anayefuatilia ashike orodha ya upakiaji iliyotoka kwa muuzaji, si nakala ya hati uliyoijaza wewe. Vinginevyo kosa lako litalingana na kosa lako."

Dereva naye alisambaza chapisho la tatu peke yake kwenye kundi la madereva wenzake. Kutoka huko likaja swali ambalo sikulitarajia: karani akikosea hati na lori likasimama, dereva anapaswa kumdai nani pesa ya chakula, mwenye gari au wakala? Nililijibu kwa kusema nilichokifanya mimi mwaka 2016, yaani sikumlipa chochote kwa sababu sikuuliza, na kwamba sasa, kosa likiwa letu, namlipa dereva posho ya siku alizopoteza kabla lori halijaondoka uwanjani. Swali hilo nimeliandika kwenye daftari, na nimeanza kuwauliza mawakala na madereva wa Busia wanavyofanya wao, ili niwe na matukio ya kutosha kabla sijaandika uzi mwingine.